Anaimba mpaka kumi, ila ukimwomba zabibu tatu anakujazia mkono

Binti wa dada yangu ana miaka minne kasoro, wanakaa Nzuguni hapa hapa Dodoma, na kwa kuimba namba hana mpinzani mtaani. Unamwekea video kwenye simu, zile za katuni zinarukaruka na rangi kibao, anasimama katikati ya sebule anaimba moja mpaka kumi huku anapiga makofi, haruki hata moja, wageni wanashangilia na dada anasema huyu akiingia darasa la awali mwalimu atapata kazi rahisi. Sasa siku moja nimetoka soko la Majengo nimebeba zabibu, nikaziosha nikaziweka kwenye bakuli, nikamwambia mtoto, nipe mjomba zabibu tatu. Akachota akanijazia mkono. Zilikuwa saba. Nikasema labda hajanisikia, nikarudia taratibu, tatu, akaongeza nyingine.

Nikajaribu kitu kingine. Nikapanga zabibu sita kwa mstari mezani nikamwambia zihesabu, na yeye akaanza kwa furaha kabisa, kidole kinagusa huku anaimba, na hapo ndo nikaona kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Alisema "mo" akagusa ya kwanza, "ja" akagusa ya pili, "mbi" ya tatu, "li" ya nne, "ta" ya tano, "tu" ya sita, zikaisha. Sita zimekuwa tatu, na ameridhika. Nikamuuliza haya, kwa hiyo zabibu ziko ngapi? Hakujibu tatu wala sita, alirudi mwanzo akaanza kuimba upya.

Naandika hii kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikitengeneza video za namba na mwalimu mmoja wa chekechea rafiki wa dada, kwa simu tu, na tumegundua kwamba video nyingi za kuhesabu zinafundisha wimbo vizuri sana na kuhesabu hazifundishi kabisa. Na sababu zinaonekana ukizikagua pigo kwa pigo.

Kwanza tuelewane kuhesabu ni nini, maana neno moja linaficha mambo matatu. Jambo la kwanza ni kujua majina ya namba kwa mpangilio wake, moja kabla ya mbili, mbili kabla ya tatu, hilo mtoto wetu alikuwa nalo. La pili ni kupeleka jina moja kwa kitu kimoja, kila kitu kiguswe mara moja tu na kila jina litumike mara moja tu. La tatu, na ndo gumu kuliko yote, ni kujua kwamba jina la mwisho ulilotaja si jina la kile kitu cha mwisho, ni idadi ya vyote kwa pamoja. Mambo haya watafiti Rochel Gelman na Gallistel waliyaeleza tangu mwaka 1978, na baadaye Karen Wynn kwenye tafiti alizochapisha 1990 na 1992 akatumia jaribio rahisi mno la kuwaambia watoto "nipe tatu" kutoka kwenye rundo. Alichokiona ni kwamba mtoto anaweza kutaja namba nyingi kwa mpangilio lakini anaelewa maana yake moja moja kwa kupanda ngazi. Kwanza anajua moja tu, ukimwomba zaidi ya hapo anachota chochote, miezi inapita ndo anaijua mbili, baadaye tatu, kisha panatokea kama mlango unafunguka, anaelewa kanuni yenyewe na kuanzia hapo namba zote anazoweza kuzitaja anaweza pia kukupa. Safari hiyo kwa watoto wale ilichukua kama mwaka hivi, kutoka miaka miwili na nusu mpaka mitatu na nusu, na watoto wengine wanachelewa zaidi na si tatizo.

Kwa hiyo mtoto anayeimba mpaka kumi anaweza kuwa bado yuko kwenye ngazi ya moja. Wimbo kwake ni mnyororo, kama vile sisi tulivyokariri sala kabla ya kujua maana ya maneno. Unaweza kuupima mnyororo kirahisi, mwambie aanzie tatu aendelee. Kama hawezi, kama lazima arudi moja ndo afike tatu aunganishe na nne, basi namba kwake bado hazijatengana, ni sauti moja ndefu yenye mdundo.

Sasa turudi kwenye "mo" na "ja". Hili ndo lililonifungua macho kuhusu Kiswahili chetu, maana nilikaa na karatasi nikaandika namba zote nikizigawa kwa silabi: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa, ku-mi. Zote kumi zina silabi mbili. Hata nne, ambayo kwa macho inaonekana fupi, ile n ya mbele inasimama peke yake kama silabi na ndiyo inayobeba mkazo. Kwa upande wa muziki hii ni zawadi kubwa, unaweza kuimba namba zote kwa mdundo uleule bila kubana wala kuvuta chochote. Ila kwa mtoto anayegusa vitu ni mtego, kwa sababu mtoto mdogo anasikia mapigo, hajui neno linaanzia wapi na linaishia wapi, na kama kila namba ina mapigo mawili yanayolingana basi kidole kinagusa mara mbili. Kwa Kiingereza kati ya moja na kumi ni saba peke yake yenye silabi mbili, zingine zote zina moja, ndo maana wimbo wa kigeni ukitafsiriwa ukaachiwa mdundo wake uleule mtego huu unapita bila mtu kuuona.

Na video inaweza kuukaza zaidi. Nilirudia ile aliyokuwa anaipenda, nikaiangalia kwa kuisimamisha simamisha. Makofi yanapigwa kwenye kila silabi, mo-pa, ja-pa, mbi-pa, li-pa. Katuni zinaruka kwenye kila silabi pia. Vitu vinavyohesabiwa vinatokea vyote kwa mkupuo kabla wimbo haujaanza, halafu vinang'aang'aa. Mtoto alijifunza kwa usahihi kabisa kile alichofundishwa, kwamba kila pigo ni tendo.

Dawa yake ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kwenye neno la silabi mbili mkazo uko mwanzoni siku zote: MO-ja, MBI-li, TA-tu, N-ne. Basi tendo linaangukia kwenye silabi yenye mkazo, na silabi ya pili ni ya mkono kusafiri. "MO" zabibu inatua kwenye sahani, "ja" mkono unarudi kuchukua nyingine, "MBI" inatua, "li" mkono unarudi. Kila namba ina kutua kumoja tu. Silabi ya pili haiachwi tupu, kwa sababu ukiiacha tupu mtoto ataijaza na mguso wake, inapewa kazi ya kurudi.

Tuingie kwenye taimingi yenyewe maana hapa ndo watu wengi wanakosea bila kujua. Sisi tulichagua mapigo 75 kwa dakika. Nyimbo za watoto mtandaoni nyingi ziko 110 mpaka 120 huko, zinachangamsha kweli, ila jaribu kuweka zabibu moja moja kwenye sahani kwa kasi hiyo kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu, haiwezekani, vidole vyake havijafika huko, kwa hiyo anaacha kuweka anabaki kuimba. Kwa 75 kila pigo la ngoma, ambalo linabeba namba nzima na silabi zake mbili, ni sekunde 0.8, na simu nyingi zinarekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja ni fremu 24 kamili na silabi moja ni fremu 12. Ukiwa kwenye CapCut au apu yoyote ya kuediti unaweza kusogea fremu kwa fremu ukahakikisha zabibu inagusa sahani pale pale "MO" inapoanza. Angalia sasa, ukichelewa fremu 12 tu, ambayo ni chini ya nusu sekunde na kwa mtu mzima haimsumbui sana, zabibu yako inatua kwenye "ja", na umeshamharibia mtoto kitu chote. Video yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilirekodi picha siku moja na sauti siku nyingine, nikazibandika kwa kukadiria, na mwalimu alipoionyesha darasani akanipigia kuniambia watoto wanagusa kwenye mwisho wa neno. Nikabisha, nikaifungua, kweli.

Kuna jambo la nne pia, yaani namba nne. Wakiimba haraka watu wengi wanaimba "ne" badala ya "n-ne", ile n inamezwa, na matokeo yake namba hiyo inakuwa na pigo nusu wakati wenzake wana pigo zima. Mtoto anayefuata mdundo kwa mkono anajikuta nne imepita kabla hajaweka kitu. Mwimbaji aambiwe aishike n kama anaguna, nnn, sekunde 0.4 kamili, mkazo uko hapo, halafu "ne". Ukisikiliza bibi yako anavyohesabu kuku kwa utulivu utaisikia hiyo n vizuri sana.

Maneno ya wimbo wenyewe nilidhani ndo kazi nyepesi. Mstari wa kwanza kabisa nilioandika ulikuwa "Leta sahani tuweke", silabi nane, mapigo manne, hesabu imekaa. Tulipoimba ukawa unavutana. Shida ni kwamba mkazo wa sahani uko kwenye "ha", na pigo la ngoma linaangukia kwenye "sa" na kwenye "ni", kwa hiyo mwimbaji analazimika kusema SA-ha-NI, neno ambalo hakuna Mswahili analisema hivyo, na mtoto ambaye bado anajifunza maneno analipokea limepinda. Tukatafuta maneno ya silabi mbili au nne ambayo mkazo unaangukia penye pigo. Tulichofika nacho ni hiki:

Leta hapa tuziweke,
moja moja tuhesabu.
Moja, mbili, tatu… (kimya pigo moja)
Sasa zote ziko ngapi?
(kimya mapigo manne)
Zote tatu, ziko tatu!

Hakuna ushairi mkubwa hapo, najua, ila kila mstari una kazi yake. Miwili ya mwanzo inatayarisha mikono, mtoto anapata sekunde 6.4 za kujiweka sawa na kushika kitu chake cha kwanza. Wa tatu ndo kuhesabu. Wa nne unauliza kwa neno "zote", na hilo neno ndo moyo wa wimbo, kwa sababu linamtoa mtoto kwenye zabibu ya mwisho linampeleka kwenye kundi.

Maana kosa la jambo la tatu linaonekana hivi: unahesabu na mtoto mpaka tatu, unamwambia nipe hizo tatu, anakupa ile moja ya mwisho. Kwake "tatu" ni jina la zabibu ile, kama vile Jumatano ni jina la siku. Video ya kawaida inamthibitishia hilo, kwa sababu kila kitu kinapotajwa kinang'aa peke yake na namba yake inatokea juu ya kichwa chake, 1 juu ya hii, 2 juu ya hii, 3 juu ya hii, halafu wimbo unaendelea mbele. Hakuna mahali popote pameonyeshwa kwamba 3 ni ya zote.

Kwenye yetu wakati wa kuhesabu hakuna tarakimu yoyote kwenye skrini. Zabibu zinatua tu. Swali linapoulizwa mkono unazunguka sahani yote, duara moja la polepole linalochukua mapigo manne yote ya "Sasa zote ziko ngapi?" na mtoto anafanya hivyo hivyo na mkono wake juu ya sahani yake. Halafu kimya. Ndo baada ya kimya, kwenye "Zote tatu", tarakimu 3 inatokea kubwa, pembeni ya sahani nzima, si juu ya zabibu yoyote. Tendo la kuweka ni la kimoja kimoja, tendo la kuzungusha ni la vyote, na yasichanganywe hata kwa urembo. Mwalimu alitaka kuongeza kucheza kidogo katikati, hatua zile za mabega kama ngoma zetu za Kigogo, watoto wa huku wanazipenda na mimi mwenyewe nazipenda, tukakubaliana zikae mwanzoni na mwishoni kabisa mwa video, si ndani ya kuhesabu.

Kile kimya sasa. Mapigo manne kwa 75 ni sekunde 3.2 na ukiwa unaediti unaona kama video imekwama, mkono unawasha kuweka kengele au mluzi hapo. Usiweke kitu. Ngoma ibaki inagonga chini taratibu ili mtoto ajue wimbo haujaisha, mwimbaji kwenye picha anamtazama mtoto, amenyanyua nyusi, anasubiri. Mtoto wa umri huu akiulizwa swali anahitaji muda wa kulisikia, kulitafuta jibu na kulitoa mdomoni, na video ikimjibia baada ya nusu sekunde anajifunza kwamba kazi ya kujibu si yake. Tulipoirudia darasani mara ya kwanza kimya kilipita kimya kweli, watoto hawakusema kitu. Mara ya tatu wawili watatu wakapaza sauti. Ndo maana ya kurudia, mtoto anahitaji kuijua video vizuri mpaka asishangazwe na chochote, akili yote ibaki kwenye swali.

Mdundo wenyewe unakusaidia kwenye baadhi ya namba na kukunyima kwenye nyingine. Muziki wetu unakwenda kwa mapigo manne manne. Tatu inachukua matatu, linabaki moja la kupumua, safi kabisa. Mbili inaacha mawili. Tano inajaza manne inaingia kwenye kipande cha pili kwa pigo moja, yanabaki matatu ya kimya, nayo nzuri. Lakini nne inajaza manne yote haiachi pumzi, na swali linaingia juu yake kabla mtoto hajaweka zabibu ya mwisho, kwa hiyo kwenye nne inabidi uongeze kipande kizima kitupu cha mapigo manne. Kuanzia kumi na moja mdundo unavunjika kabisa maana ku-mi-na-mo-ja ni silabi tano, huwezi kuibana kwenye pigo moja. Wimbo huu uishie kumi, za mbele zitafutiwe wimbo wao.

Na hata kumi ni mbali. Video moja sisi tunaipa namba moja tu ya kufundisha. Hii ya tatu ina raundi nne: zabibu tatu kwa mstari, zabibu tatu zilizotawanyika, halafu ndizi mbili, halafu ndizi tatu. Zilizotawanyika zipo ili mtoto asidhani tatu ni umbo la mstari wa urefu fulani, na mbili ipo ili tatu iwe na kitu cha kutofautiana nacho, maana kama kila jibu ni tatu mtoto atajibu tatu bila hata kutazama. Kila raundi ni mapigo 24, jumla 96, yaani kama sekunde 77. Video nzima haifiki dakika moja na nusu pamoja na mwanzo na mwisho wake. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema watoto wa miaka mitatu na minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini na pungufu ni bora zaidi, kwa hiyo ufupi huu hauumizi mtu, na bando pia linapona.

Kuhusu maneno ya wimbo kuandikwa kwenye skrini, yale yanayopita chini yakibadilika rangi, mtoto huyu hajui kusoma. Maandishi ni ya mama au mwalimu ili aweze kuimba naye, na hilo ni la maana, ila yasiwepo wakati wa kuhesabu kwa sababu kitu kinachosogea kinavuta macho ya mtoto kutoka kwenye sahani. Sisi tunaweka maneno yote kwenye picha moja iliyosimama mwanzoni, mtu mzima anayasoma, yanaondoka.

Mandhari nayo, tuliweka kitambaa cheupe na sahani ya bluu, zabibu nyeusi za hapa hapa zinaonekana vizuri sana. Usipige kwenye kanga yenye maua. Mwekaji anayekaa akitazama kamera akumbuke kwamba kushoto kwake ni kulia kwa mtoto, kwa hiyo aanzie upande wake wa kulia ili mtoto azione zinajipanga kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyoandika darasani. Njia rahisi zaidi ni kupiga kutoka juu, mikono tu inaonekana. Na kama umeandika tarakimu kwenye karatasi ukapiga kwa kamera ya mbele, angalia isijehifadhiwa kama kioo, simu zingine zinageuza, na 3 iliyogeuzwa mtoto ataiiga ilivyo.

Kitu kingine kinachoharibu kazi nzuri ni spika. Darasani waliunganisha simu na spika ya blutuu, na spika nyingi za namna hiyo zinachelewesha sauti kidogo, simu na apu zingine zinarekebisha zingine hazirekebishi. Ukichelewesha sauti, zabibu inatua kabla ya namba yake kutajwa na fremu zako zote ulizohangaika nazo zimeenda bure. Kabla ya kuwaita watoto piga video ya mtu anapiga kofi moja, tazama na usikilize. Kama kofi linasikika baada ya mikono kukutana, tumia waya.

Ila jambo ambalo video haiwezi hata uiediti vipi ni kumshikia mtoto zabibu. Watoto wadogo, hasa chini ya miaka mitatu, wanajifunza kidogo kutoka kwenye skrini kuliko kutoka kwa mtu aliye mbele yao akifanya kitu kilekile, hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi. Kwa hiyo dada nilimpa masharti, video ikiwekwa na sahani iwekwe, mtoto awe na vitu vyake mkononi anaweka pamoja na wimbo. Na kupima usipime kwa vitu vya kwenye video. Sisi tulipima kwa karanga na vifuniko vya soda, rundo la kama kumi na tano, nipe moja, nipe mbili, nipe tatu, nipe nne, kwa kuchanganya, mara mbili mbili kila namba, bila kumwambia amepata au amekosa. Mwanzoni moja alikuwa anatoa sawa, mbili mara anapata mara anakosa, tatu kuendelea anajaza mkono. Baada ya kama mwezi na nusu wa video hiyo moja mara mbili kwa siku, mbili na tatu anatoa sawa zote, kwa karanga, kwa vifuniko, kwa vijiko vya mama yake. Mguso wa mara mbili umeisha. Ukimwomba nne bado anajaza mkono, yaani ameongeza ngazi, mlango haujafunguka, na video ya nne ndo tuko nayo sasa hivi.

Halafu kuna swali ambalo mwalimu aliniuliza mapema na likatuamulia vitu vya kuhesabu: kwa nini zabibu na ndizi, kwa nini si maembe au mbuzi, watoto wa Dodoma si wanawajua mbuzi kuliko katuni? Kwa sababu wimbo unasema mbili, tatu, nne, na kwenye zabibu, ndizi, nyanya, kalamu, sahani, namba inabaki vilevile, zabibu mbili, zabibu tatu. Ukienda kwenye maembe inakuwa mawili, matatu, manne, matano, ghafla sita na saba hazibadiliki, halafu manane, kisha tisa na kumi zinabaki. Kwenye mbuzi ni wawili, watatu. Kwenye vijiko ni viwili. Mtu mzima hasikii tofauti, ila mtoto anayejifunza ndo kwanza kwamba "mbili" ni idadi, ukimwambia "mawili" kwenye wimbo uleule unampa neno jipya wakati la zamani halijakaa, na watoto wanaotoka Chamwino au Bahi ambao nyumbani wanazungumza Kigogo wana mzigo mara mbili. Kwa hiyo video nne za kwanza zote ni vitu vya aina ya zabibu. Mbuzi wataingia kwenye ya tano, wakati anaijua tatu kiasi cha kuitambua hata ikivaa "wa" mbele yake, na mstari wa swali tumeshaubadilisha tayari, "Sasa wote ni wangapi?", silabi nane, mkazo umekaa kwenye pigo lilelile.